Uso na Shingo Visipishane Rangi: Namna ya Kusafisha Picha za Watu kwa Wapiga Picha wa Masasi na Newala

Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba na kuendelea, wapiga picha wa Masasi na Newala hupata kazi nyingi kuliko miezi mingine. Kuna harusi, kuna sendofu, kuna mahafali, na kuna familia zinazotaka tu picha kubwa ya ukutani kwa kuwa mwaka huu fedha ipo. Katika picha hizo kasoro moja inajirudia mno. Uso umesafishwa, umeng'aa, umelainika, lakini ukishuka chini ya taya unakutana na shingo ya mtu mwingine. Shingo ni nyeusi zaidi, nyekundu zaidi, na kati yake na uso kuna mstari unaofuata taya kama ukingo wa barakoa. Kwenye simu ndogo mteja anaweza asiuone. Picha ikichapwa kwa ukubwa wa fremu ya sebuleni, kila mgeni anauona.

Kasoro hiyo mara nyingi haiji wakati wa kupiga picha. Inazaliwa mezani, pale mtu anapochagua uso peke yake na kuupandisha mwanga au kuubadili rangi, akaiacha shingo ilivyokuwa. Makala hii inaeleza namna ya kuitambua, kuipima na kuirekebisha. Nitatumia picha moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho: bibi harusi mtarajiwa amesimama Shimo la Mungu, Newala, saa tisa na nusu alasiri, amevaa gauni la kitenge lenye nyekundu nyingi. Wanaopafahamu mahali pale wanajua mwanga wake. Mbele ya ukingo ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, hakuna mti wala ukuta wa kuzuia anga, na chini ya miguu kuna udongo mwekundu.

Kabla ya kugusa kompyuta, tazama mwanga huo unavyoigusa ngozi. Paji la uso, pua na mashavu vimeelekea mbele na juu, kwa hiyo vinapokea mwanga wa anga iliyo wazi. Shingo imefichwa na kidevu. Haipati anga ya kutosha. Inachopata zaidi ni mwanga uliogonga udongo na gauni ukarudi juu, na mwanga huo umekwisha kuchukua wekundu wa vitu ulivyovigonga. Ndiyo maana hata kwenye picha ambayo haijaguswa kabisa, shingo ni nyeusi kidogo kuliko uso, na wekundu wake umezidi kidogo. Mtu yuleyule ukimpeleka chini ya mkorosho, majani yatamwagia ukijani. Ukimsimamisha Masasi karibu na mwamba wa kijivu kama ule wa Mtandi, shingo itakuwa na kivuli lakini haitabadilika rangi sana, kwa sababu jiwe la kijivu hurudisha mwanga usioelemea upande wowote.

Kwa hiyo si kila tofauti kati ya uso na shingo ni kosa. Kivuli cha kidevu ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba uso upo mbele na shingo ipo nyuma. Ukikifuta chote, kichwa kinaonekana kimebandikwa juu ya mabega. Tunachotafuta ni picha ambayo shingo imebaki na kivuli chake, lakini ngozi ya juu na ya chini inaaminika kuwa ya mtu mmoja.

Sasa tupime. Jicho peke yake halitoshi, kwa sababu jicho huzoea. Ukikaa na picha nusu saa, rangi yoyote itaanza kuonekana sawa, hasa kama studio ina taa ya njano ukutani au dirisha linaloingiza jua la mchana. Nambari hazizoei. Nitaeleza kwa Photoshop kwa kuwa studio nyingi zinaitumia. Anayetumia GIMP atapata vipimo hivihivi kwa zana ya Color Picker.

Fungua paneli ya Info kwa kubonyeza F8. Chukua zana ya Color Sampler Tool, na pale juu kwenye Sample Size chagua 11 by 11 Average. Usipime kwa pikseli moja, maana pikseli moja inaweza kuangukia kinyweleo, chembe ya poda au tone la jasho. Weka alama ya kwanza shavuni, upande usiong'aa. Ya pili iweke shingoni, katikati ya koo na upande wa sikio, mahali ambapo kuna kivuli laini na si weusi wa chini kabisa ya kidevu. Ya tatu iweke kifuani, chini ya mifupa ya bega, kama gauni limepaacha wazi. Kisha kwenye paneli ya Info bofya alama ndogo iliyo karibu na kila pointi na uchague HSB Color.

Hapo utaona herufi tatu. H ni aina ya rangi, ikihesabiwa kwa digrii za duara: 0 ni nyekundu, 30 ni rangi ya chungwa, 60 ni njano. S ni ukolezi, yaani rangi imejaa kiasi gani au imepauka kiasi gani. B ni mwangaza. Ngozi za watu, weusi kwa weupe, mara nyingi hukaa kati ya nyekundu na rangi ya chungwa, kwa hiyo H ya ngozi iliyopigwa kwenye mwanga mzuri huangukia karibu na 15 hadi 30. Kinachotofautisha sana ngozi moja na nyingine ni ukolezi na mwangaza. Jambo hili ni msaada mkubwa kwako: ukiona H ya uso ni 20 na ya shingo ni 8 au 35, unajua tatizo lipo kwenye aina ya rangi, na kupandisha mwanga hakutalitibu.

Katika picha yetu ya Shimo la Mungu, kabla ya usafishaji wowote, shavu linasoma H 20, S 52, B 56. Shingo inasoma H 12, S 57, B 42. Tofauti ya mwangaza ni 14, nayo ni ya kawaida kwa mtu aliyesimama chini ya anga. Tofauti ya ukolezi ni 5 tu. H ndiyo iliyoachana kidogo, shingo ikiwa imevutwa na wekundu wa udongo na gauni.

Kisha msafishaji akafanya kama wengi wanavyofanya. Akauzungushia uso uteuzi unaofuata taya, akafungua Curves, akashika mstari katikati na kuuvuta juu, halafu akainua pia ncha ya chini kushoto ili weusi upungue. Shavu likatoka H 20, S 44, B 73. Shingo haikuguswa, ikabaki na B 42. Tofauti ya mwangaza imeruka kutoka 14 hadi 31, na ya ukolezi kutoka 5 hadi 13.

Nambari hizo mbili ndizo zinazoeleza yale tunayoyaona kwa macho. Hiyo 31 ndiyo inayofanya kichwa kionekane kimebandikwa. Hiyo 13 ina ubaya wake mwingine, na hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu wengi huulaumu mwangaza peke yake. Ngozi nyeusi ina uzuri unaotokana na rangi iliyojaa. Ukiangalia nyekundu, kijani na bluu za shavu lile kabla ya kuguswa, zilikuwa takriban 142, 92 na 68. Baada ya kuvutwa zikawa 186, 132 na 104. Zote tatu zimeongezwa karibu kiasi kilekile, yaani 44, 40 na 36. Lakini kumwongezea mwenye kidogo sawa na mwenye kingi ni kupunguza tofauti yao. Bluu, iliyokuwa chini ya nusu ya nyekundu, sasa imezidi nusu yake. Rangi zikikaribiana hivyo zinaelekea kwenye kijivu, na ngozi inapauka, inakuwa kama imepakwa majivu. Uso huo uliopauka ukikaa juu ya shingo ambayo bado ina hudhurungi yake nzito, hata ukiulinganisha mwangaza bado havitafanana.

Njia iliyo salama zaidi ya kuongeza mwanga kwenye ngozi nyeusi ni ile inayozidisha rangi zote tatu kwa uwiano mmoja badala ya kuzijumlishia kiasi kimoja. Katika Photoshop kazi hiyo inafanywa na Exposure. Ukiongeza Exposure, nyekundu, kijani na bluu zinapanda pamoja huku uwiano wao ukibaki karibu vilevile, kwa hiyo H na S hazisogei sana. Kinachopanda ni B tu. Zana ambazo kazi yake ni kuinua weusi, kama Shadows, au ile ncha ya chini ya Curves, zitumie kidogo sana kwenye ngozi, na kila ukizitumia tazama S isishuke.

Sasa tuanze ukarabati. Hatua ya kwanza haiwapendezi wateja wala wasafishaji, lakini ndiyo inayoamua kila kitu: rudi nyuma na uzime marekebisho ya uso. Kujaribu kuifukuza shingo ifikie uso wenye B 73 ni kazi isiyo na mwisho. Shingo iliyopo kivulini ina taarifa chache; ukiivuta kutoka 42 hadi 60 na zaidi, chembechembe zinatokea, mikunjo ya ngozi inageuka kuwa mistari ya kijivu, na kama picha ni JPEG ya simu utaona vibokisi vidogo vya rangi. Ni rahisi zaidi kuushusha uso kiasi na kuupandisha mwili wote pamoja nao.

Hatua ya pili ni kuipa ngozi yote mwanga kwa pamoja. Nenda Layer, kisha New Adjustment Layer, kisha Exposure. Weka Exposure kwenye +0.48, karibu nusu stopu. Maski ya tabaka hilo igeuze iwe nyeusi yote kwa Ctrl+I, kisha chukua brashi laini nyeupe upake uso, masikio, shingo, na kifua hadi pale gauni linapoanza. Masikio yanasahaulika kila siku. Sikio lililobaki jeusi kando ya shavu lililong'aa linaumbua kazi kama ile shingo yenyewe. Mikono nayo, kama ameishika karibu na uso au ameshika maua, ipake vilevile.

Usisimamishe brashi kwenye mstari wa taya. Hilo ndilo kosa lililoleta ile barakoa. Mpaka wa maski ukikaa palepale mwili unapopinda, macho yanauona mara moja, maana kuna mstari wa asili pale na wewe umeutilia mkazo. Acha maski ipite taya, ishuke shingoni yote, na imalizikie kwenye kitu kinachoweza kuificha: ukosi wa gauni, mkufu, kanga begani, au nywele. Kisha bofya maski, fungua Properties na uongeze Feather. Kwa picha ambayo uso una upana wa pikseli 900 hivi, jaribu Feather ya 40 hadi 60. Ikizidi sana, mwanga utamwagika kwenye gauni na anga na utaona utando wa weupe pembeni ya shavu. Ikipungua sana, mpaka utarudi.

Baada ya hatua hiyo, shavu letu linasoma H 20, S 52, B 65. Shingo inasoma H 12, S 56, B 49. Tazama kilichotokea: tofauti ya mwangaza ni 16, karibu sawa na ile ya picha halisi, na ukolezi umeachana kwa 4 tu. Uso umepata mwanga, si ule wa 73 uliopewa na Curves, lakini bado una rangi yake. Kimebaki kitu kimoja, wekundu wa shingo.

Hatua ya tatu basi ni ya shingo peke yake, na inagusa aina ya rangi tu. Ongeza tabaka la Hue/Saturation, geuza maski yake iwe nyeusi, paka shingo na eneo la chini ya kidevu, weka Feather ileile. Sogeza Hue hadi +6. Kila nambari ya kitelezi hicho ni digrii moja ya lile duara, kwa hiyo H ya shingo itatoka 12 hadi 18, jirani na 20 ya uso, wakati S na B zinabaki palepale. Usiipeleke hadi 20 kamili. Udongo na gauni vipo ndani ya picha, mtazamaji anaviona, na anategemea bila kujua kwamba wekundu wake kidogo utapanda shingoni. Digrii mbili tatu za tofauti zinaonekana za asili. Zikizidi sita au saba ndipo shingo inapoanza kuonekana ina upele au imechomwa na jua.

Kama ungekuwa umempiga chini ya mkorosho, shingo ingeweza kusoma H 29 wakati uso ni 20, ikielemea ukijani. Hapo unakwenda upande wa pili, Hue −7 au hapo karibu. Angalia lakini kama uso nao haujaingiwa na ukijani wa majani. Ukiwa umeingiwa, weka sawa picha nzima kwanza kwa White Balance kwenye Camera Raw, na kipimo chako kiwe kitu cheupe au cha kijivu kilichopo kwenye picha, si ngozi. Kurekebisha uso na shingo kila kimoja kivyake wakati picha nzima imeelemea kijani ni kujiongezea kazi mara mbili.

Sasa mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu, hasa wanaofanya kazi kwa Lightroom ya simu au kwa fomula za rangi zinazouzwa na kugawiwa kwenye makundi. Fomula nyingi za picha za watu zinapandisha Luminance ya rangi ya Orange ili ngozi ing'ae. Hakuna maski wala uteuzi. Picha nzima inaguswa. Mtu anadhani kwa hiyo uso na shingo vitapanda pamoja. Lakini rudi kwenye vipimo vyetu: shavu lina H 20 na limo zaidi kwenye kundi la Orange, shingo yenye H 12 imeelekea kundi la Red. Kitelezi cha Orange kinauinua uso na kuiacha shingo nyuma. Umetengeneza barakoa bila kushika brashi. Ukikutana na hali hiyo, kwanza rudisha Orange Luminance karibu na sifuri na utumie Exposure kupitia maski. Kama lazima utumie kitelezi hicho, sogeza na Red kwa kiasi kinachokaribiana, huku ukitazama midomo na kitenge, kwa sababu Red itavigusa navyo.

Asiye na kompyuta anaweza kufanya sehemu kubwa ya haya kwa Snapseed. Fungua zana ya Selective, gusa shingo uweke pointi, kisha bana au tanua kwa vidole viwili ili duara litoshe shingo bila kuingia usoni. Telezesha kidole juu au chini uchague Brightness, kisha kulia uongeze kidogo. Rudia kwa Saturation ikihitajika. Weka pointi ya pili kifuani. Upungufu wa Selective ni kwamba haibadili aina ya rangi, inagusa mwangaza, utofauti, ukolezi na Structure tu. Wekundu wa udongo utaupunguza kwa kushusha Saturation ya shingo kwa pointi chache, na hilo ni afadhali kuliko kuuacha, ingawa halifikii usahihi wa Hue. Kwa hiyo anayepiga na kusafisha kwa simu ana sababu kubwa zaidi ya kuzuia tatizo mapema: mtandikie mteja kanga nyeupe miguuni, nje ya fremu, pale aliposimama kwenye udongo mwekundu. Mwanga utakaorudi shingoni utakuwa mweupe, na kivuli cha kidevu kitapungua chenyewe.

Kuna hali ambayo vipimo vinakutana na jambo lisilo la mwanga. Bibi harusi mara nyingi anakuja akiwa amepakwa faundesheni ambayo ni nyeupe kuliko ngozi yake, na mpambaji hakuishusha shingoni. Hapo uso na shingo vinatofautiana kweli, hata kabla ya kamera. Utajua kwa kile kipimo cha tatu, cha kifuani. Kifua kinapata anga karibu kama uso. Kama kifua na uso vinakaribiana na shingo ndiyo iliyo chini, hicho ni kivuli. Kama kifua na shingo vinakwenda pamoja na uso ndio ulioruka juu, hiyo ni faundesheni, au ni krimu alizotumia kwa muda mrefu. Kwa faundesheni, mimi hushauri kifua kiwe kipimo: shusha Exposure ya uso kidogo, karibu −0.2, na uongeze Saturation kwa pointi 4 hadi 6, mpaka uso ukaribie kifua. Lakini mwonyeshe mteja kabla ya kuchapa. Ni uso wake, na wengine watakuambia kwamba wanataka wabaki walivyopambwa. Anayetaka kubaki mweupe, basi unamfuata kwa kuinua kifua na shingo pamoja na uso hadi pale picha inapovumilia, na unamweleza kwamba mbele ya hapo shingo itaanza kupasuka chembechembe.

Kwa mkulima aliyeshinda shambani mambo hugeuka. Uso wake umechomwa na jua, na sehemu ya shingo iliyofunikwa na ukosi wa shati ni nyeupe kuliko uso. Akija studio na shati lenye ukosi wazi, mstari unaonekana na si wewe uliouchora. Hapo usifute kabisa. Punguza nusu ya tofauti kwa kushusha Exposure ya ile sehemu nyeupe, halafu uache.

Na kuna wazee. Newala na vijiji vya Wamakonde bado unaweza kumpiga picha bibi mwenye chale usoni, na pengine zinashuka hadi shingoni na kifuani. Maski ya kulinganisha rangi haizidhuru chale hizo kwa sababu inagusa rangi, haigusi umbo la ngozi. Kinachozidhuru ni kile wengi wanachofanya kabla au baada ya hapo: kulainisha ngozi kwa Gaussian Blur au kwa vitufe vya urembo vya simu. Ulainishaji unazichukulia chale kuwa madoa na kuzifuta usoni, shingoni zikabaki. Familia inapokea picha ya bibi yao ambayo chale zinaanzia chini ya taya, jambo ambalo halijawahi kuwapo. Kwa wazee hawa fanya kazi ya mwanga na aina ya rangi tu, na kitufe cha kulainisha usikiguse. Chale zenyewe usizipimie rangi. Kovu lina mng'ao na weusi wake, litakudanganya. Weka alama kwenye ngozi tupu iliyo kati yake.

Picha za pasipoti na za vitambulisho ziweke kando ya haya yote. Zile zinatakiwa zifanane na mtu anayesimama mbele ya ofisa, kwa hiyo rangi ya ngozi haiguswi kwa maski, iwe ya uso au ya shingo. Kama shingo imekuwa nyeusi, rekebisha taa: weka karatasi nyeupe mapajani mwa mteja aliyeketi, na upige tena.

Ukimaliza, jaribu kazi kwa njia tatu kabla ya kuipeleka. Kwanza ipunguze picha iwe ndogo kama dole gumba kwenye kioo. Kwa ukubwa huo maelezo yanapotea na kinabaki kiasi cha mwanga tu. Kama bado unaona kichwa na mwili kama vitu viwili, B zimeachana mno. Pili, ongeza tabaka la Black & White juu ya yote kwa muda. Ikiwa kasoro imepotea kwenye nyeusi na nyeupe lakini inarudi kwenye rangi, tatizo ni H au S. Ikiwa bado ipo, tatizo kubwa ni B. Jaribio hili linakuokoa na kuhangaika na kitelezi kisichohusika. Tatu, geuza picha kushoto kulia kwa Image, Image Rotation, Flip Canvas Horizontal. Jicho lililozoea linaiona upya, na mpaka uliobaki kwenye taya unajitokeza.

Halafu chapa kipande kidogo, uso hadi kifua tu, kwa mashine na karatasi ileile utakayochapia picha kubwa. Karatasi haina taa nyuma yake kama kioo cha kompyuta, kwa hiyo vivuli vyake huzama zaidi, na shingo ndiyo inayozama kwanza. Shingo yenye B 49 kwenye kioo inaweza kuonekana kama 43 au 44 ukiishika mkononi. Itazame nje mlangoni, kwenye mwanga wa mchana lakini nje ya jua kali, halafu uitazame tena ndani chini ya taa inayofanana na ya sebuleni. Ikiwa imezama, rudi kwenye tabaka lile la Hue/Saturation la shingo, nakili maski yake kwenye tabaka jipya la Exposure, na uongeze +0.15 kwa ajili ya nakala ya kuchapa tu. Nakala ya kumtumia mteja kwenye simu iache ilivyo, katika sRGB, na uyape mafaili majina tofauti ili mwaka ujao atakapotaka nakala nyingine ya ukutani usichape ile ya simu.